Pilau la nyumbani au chakula cha uwanjani? Jibu kwa msafiri wa Tanga anayeunganisha ndege

*Assalaam aleikum mtaalamu. Mimi ni mfanyabiashara wa nguo hapa Tanga. Safari iliyopita ya Istanbul mama alinipikia pilau ya ng'ombe saa 10 alfajiri, nikapanda basi Kange saa 12 asubuhi, ndege Dar saa 11 jioni, nikafika Addis Ababa saa 2 usiku. Pale nilikuwa na saa 12 za kusubiri. Pilau niliila saa 3 usiku, haikuwa na harufu yoyote. Saa 4 na nusu njaa ikarudi, nikanunua sandwichi ya kuku kwa bei ya kuumiza. Saa 6 usiku nilianza kutapika mpaka nikaishiwa nguvu, kesho yake mchana nikawa mzima. Tangu hapo sina imani na chakula cha uwanja wa ndege. Mwezi ujao nasafiri tena kwa ratiba ileile, na mama ameshasema atafunga pilau na samaki wa kukaanga. Nibebe kila kitu cha nyumbani nisinunue kabisa?*

Waaleikum salaam ndugu yangu. Pole kwa usiku ule. Nitaanza na sandwichi, kwa sababu hukumu uliyoitoa juu yake ndiyo inayoongoza mpango wako wa safari hii, na mimi siioni kuwa ni hukumu sahihi.

Tumbo likichafuka, karibu kila mtu humlaumu mpishi wa mwisho. Lakini sumu za chakula zina muda wake wa kuonekana, na muda huo ndio unaosaidia kumtambua mkosaji. Ulitapika saa 3 baada ya kula pilau, na saa moja na nusu baada ya sandwichi. Kutapika kwa ghafla, bila homa, kukaisha ndani ya siku moja, kwa kawaida husababishwa na sumu iliyokwisha kutengenezwa ndani ya chakula kabla hujakila. Sumu ya aina hii inayopatikana kwenye wali huanza kazi kati ya nusu saa na saa 6. Ile ya kwenye nyama zilizoshikwashikwa kwa mikono, kama kuku wa sandwichi, mara nyingi huanza kati ya saa 1 na saa 6. Kwa hiyo kwa saa peke yake siwezi kuiondoa sandwichi kwenye kesi. Tofauti inakuja kwenye historia ya kila chakula. Sandwichi hatujui ilikaa wapi. Pilau tunajua: ilipikwa saa 10 alfajiri ikaliwa saa 3 usiku. Hizo ni saa 17, nyingi ya hizo ikiwa vuguvugu ndani ya mfuko, kwenye joto la basi na la Dar. Kama ningelazimika kunyoosha kidole, ningekinyoosha kwa pilau.

Najua hili ni gumu kulikubali, maana pilau ilipikwa na mama, kwa usafi, na ikaiva vizuri. Hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Shida haikuwa usafi wa mama wala uivaji wa pilau.

Mchele unatoka shambani ukiwa na bakteria wanaoitwa basilasi sereusi, ambao wanaishi kwenye udongo. Ukiwachemsha hawafi wote. Wanajifunga katika hali ya mbegu ngumu inayostahimili maji yanayochemka, wanangoja. Wali ukipoa ukashuka chini ya nyuzi joto 60, mbegu hizo zinaamka na kuanza kuzaana, na kadiri chakula kinavyokaa katika joto la kama mwili wa mtu ndivyo wanavyostawi. Sasa fikiria pilau ya moto iliyoshindiliwa kwenye kontena la plastiki na kufunikwa. Katikati ya chungu ile ya wali joto linashuka polepole sana, kwa hiyo inakaa saa nyingi katika joto lilelile wanalolipenda. Wakiwa wengi wanaacha sumu ndani ya wali. Sumu hiyo haina harufu, haina ladha, haibadilishi rangi. Na ubaya wake mkubwa ni kwamba ikishakuwepo, kupasha moto hakuiondoi. Inavumilia moto kuliko bakteria walioitengeneza. Ndiyo maana kusema “haikuwa na harufu” hakukulindi, na ndiyo maana hata ungepata mtu wa kukupashia pale Addis, usingepona.

Kanuni inayotumika duniani, ambayo Shirika la Afya Duniani linaifundisha, ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae katika joto la kawaida la chumba zaidi ya saa 2. Kinatakiwa kiwe moto zaidi ya nyuzi 60 au baridi chini ya nyuzi 5. Kwa Tanga yetu, hasa kuanzia Desemba hadi Machi, hizo saa 2 mimi ningezipunguza, si kuziongeza.

Samaki naye ana kesi yake. Kama ni jodari, nguru au kibua, kuna hatari ambayo haitokani na safari yako bali inatokana na saa za kwanza baada ya kuvuliwa. Samaki wa jamii hiyo akikaa juani bila barafu, bakteria wanageuza sehemu ya nyama yake kuwa kemikali iitwayo histamini, na kumkaanga hakuiondoi. Mlaji anapata uso mwekundu wenye joto, kuwashwa, kichwa kuuma na moyo kwenda mbio, mara nyingi ndani ya saa moja. Wengi hudhani ni mzio wa samaki. Kupatwa na hali hiyo ukiwa angani ni jambo la kutisha. Samaki mama akukaangie siku utakayorudi.

Hata hivyo sisemi mama asikupikie. Pilau yake ina nafasi katika safari hii, ila nafasi hiyo ni kwenye basi, si Addis. Tafuta hotipoti ya chuma yenye kuta mbili, inayotosha mlo mmoja tu. Kabla ya kupakua, mama aijaze maji yanayochemka, aifunike kwa dakika 10, kisha ayamwage na kupakua pilau ikiwa inatoka kwenye sufuria la moto, mpaka juu kabisa, maana nafasi tupu ndani yake inaiba joto. Uile njiani mkiwa Kabuku au Mkata, isizidi saa 4 asubuhi. Ukifunua, mvuke utoke na tonge likuunguze kidogo ulimi. Ikiwa ni vuguvugu tu, usile. Itakayobaki usiifunge tena. Mpe jirani wa kiti wakati huohuo au iache.

Hapo utakuwa umeshiba chakula cha nyumbani, na Dar utafika mchana. Kabla ya kuingia uwanjani, kula mlo wa moto mjini kwa bei ya mjini. Ukikaa kwa mama ntilie mwenye wateja wengi mnamo saa 7, utapata chakula kilichotoka jikoni muda si mrefu, kwa sehemu ndogo ya bei utakayoikuta ndani ya uwanja. Watu wengi hukimbilia ndani na njaa kwa woga wa kuchelewa, kisha wanalipa mara kadhaa kwa chapati ile ile. Panga muda wako ili ufike uwanjani saa 3 kabla ya ndege ukiwa umeshakula.

Kisha kuna chakula cha ndani ya ndege, ambacho wengi wanakisahau wanapopiga hesabu. Safari ya Dar hadi Addis ni chini kidogo ya saa 3 na kwa kawaida abiria hulishwa. Ukitaka uhakika wa chakula cha halali, omba kwa wakala au shirika angalau saa 24 kabla. Kwenye mfumo wa tiketi huandikwa kwa herufi MOML. Hakikisha herufi hizo zimetokea kwa ndege zote mbili, maana mara nyingine huwekwa kwa ya kwanza tu. Ukifika Addis saa 2 usiku, basi, hujakaa na njaa ya siku nzima, na hilo linabadilisha kila uamuzi utakaoufanya pale.

Nasema linabadilisha kwa sababu uchovu wenyewe unaleta njaa. Mtu aliyeamka saa 9 usiku, akakaa kwenye basi na ndege siku nzima, homoni inayoamsha njaa mwilini mwake inapanda na ile inayotuliza inashuka. Mwili unadai vitamu na mafuta, na unataka sasa hivi. Ile njaa yako ya saa 4 na nusu, saa moja na nusu baada ya sahani ya pilau, ilikuwa na dalili zote za usingizi uliokosekana. Safari hii ikikujia hivyo, kunywa maji kwanza, kula tende tatu na korosho kiganja kimoja, tembea kidogo, subiri dakika 20. Kama bado unaona njaa, hiyo ni njaa ya kweli, nenda ukanunue chakula.

Sasa mfuko wako wa kubeba. Kinachofaa ni chakula kikavu, kwa sababu bakteria bila maji hawazaani. Beba korosho za kukaanga gramu 150 hivi, tende kumi, visheti, na mahamri manne. Mahamri ya safari mama ayakande kwa maji na iliki badala ya tui, kwani tui linaharakisha kuharibika. Yakitoka kwenye mafuta yasambazwe kwenye sinia mpaka yapoe kabisa, yafungwe kwenye karatasi, ndipo yaingie kwenye mfuko. Yakifungwa ya moto yanatoa jasho, na ukungu unaanzia hapo. Yakikaangwa usiku wa kuamkia safari, yatakufikisha asubuhi ya Addis. Vitumbua na mkate wa kumimina viache nyumbani. Vina unyevu mwingi na tui. Mayai ya kuchemsha nayo ni ya kwenye basi tu. Kwa matunda beba ndizi na chenza. Machungwa ya Muheza ni matamu, lakini yanataka kisu, na kisu hakipiti kwenye ukaguzi.

Ukaguzi wenyewe una mtego mmoja. Kila kitu cha majimaji au cha kupakaa kinahesabiwa kuwa kimiminika: mchuzi, achari, asali, siagi ya karanga, mtindi. Chombo chake kisizidi mililita 100. Na viwanja vingi humkagua upya abiria anayeunganisha, kwa hiyo chupa ya maji uliyoinunua Dar inaweza kuchukuliwa Addis. Beba chupa tupu, na maji nunua yaliyofungwa baada ya kupita ukaguzi wa mwisho. Matunda na kila chenye nyama au maziwa vimalize kabla ya kutua mwisho wa safari, kwa sababu nchi nyingi huvizuia mpakani.

Kwa mpango huu unabakiwa na mlo mmoja tu wa kununua uwanjani, na mlo mmoja unaweza kuulipia vizuri bila kuumia. Lakini kabla ya kutoa pesa, pita kwenye dawati la wanaounganisha ndege, onyesha tiketi zote mbili, uliza kama kusubiri kwako kuna haki ya chakula au hoteli. Baadhi ya mashirika hutoa kwa wanaosubiri muda mrefu kutokana na ratiba yao wenyewe, kwa masharti yanayotegemea aina ya tiketi. Uliza pia siku unayokata tiketi, maana wakati mwingine hupewa aliyeomba mapema tu. Ukikosa, basi nunua, na ununue mapema usiku, wakati watu ni wengi. Hili la muda lina uzito kuliko jina la mgahawa. Ndege nyingi zinapounganisha kwa pamoja, mistari inakuwa mirefu na sinia za chakula zinaisha haraka, zinaletwa nyingine kutoka jikoni. Saa 9 usiku uwanja umepoa, na kilichopo kwenye kaunta huenda ni kilichobaki.

Pale Addis ningekuelekeza kwenye shiro au dengu, chakula chao kisicho na nyama ambacho Wakristo wa kule hula siku za mfungo. Shiro ni rojo zito la unga wa jamii ya dengu, mara nyingi hufika mezani likiwa linatokota, na kitu kinachotokota mbele yako kimekuonyesha joto lake. Kwa kuwa hakina nyama, kwa kawaida bei huwa chini na wasiwasi wa uchinjaji unapungua. Uliza tu kama kimetiwa samli au mchuzi wa nyama. Kina pilipili, mwenye vidonda vya tumbo ajihadhari. Na ukile kabla hujalala, si muda mfupi kabla ya kuingia ndegeni. Angani hewa ya tumboni inatanuka kwa sababu mgandamizo wa hewa ndani ya ndege uko chini kuliko wa ardhini, na jamii ya kunde huongeza gesi. Ukikila saa 3 au saa 4 usiku na ndege yako ni saa 2 asubuhi, gesi itakuwa imeshapita.

Ukipendelea chakula kingine, tazama namna kilivyokaa. Kwenye sinia za maji moto, mwambie muuzaji akoroge; mvuke ukipanda ni dalili njema. Mchuzi uliofanya utando juu na kingo zilizokauka umekaa muda mrefu. Omelete ya kupikwa ukiona, chipsi zikitoka kwenye mafuta, supu inayochemka, hizo ni chaguo zuri kwa usiku. Sandwichi si haramu. Gusa pakiti yake: iwe baridi kabisa kama kitu kilichotoka ndani ya friji, na tarehe ya leo iwe imeandikwa. Zilizopangwa juu ya kaunta kwa ajili ya kupendeza, hasa za kuku na mayonezi, ziache. Saladi na matunda yaliyokatwa nayo yaache, kwa sababu hujui maji yaliyoyaosha.

Kuhusu pesa, beba noti ndogo za dola. Ukitoa noti ya dola 50 kwa mlo mdogo, chenji inaweza kurudi kwa birr, na birr ukishaondoka Ethiopia ni vigumu kuibadilisha. Ukitumia kadi, mashine ikikuuliza ulipe kwa shilingi za kwenu au kwa fedha ya pale, chagua fedha ya pale. Kubadilishiwa na mashine huwa na bei mbaya zaidi. Soma pia bei kabla ya kukaa, na uliza kama kuna kodi au huduma ya kuongezwa juu yake.

Asubuhi, saa 12 hivi, kunywa chai ya moto ya kununua kwa mahamri yako. Chai ya maji yaliyochemka haina shida, na mlo unaofuata utaukuta ndegeni.

Weka pakiti mbili za chumvichumvi za kuzuia upungufu wa maji kwenye mkoba. Ni unga, zinapita ukaguzi. Ukitapika au kuharisha, changanya pakiti moja na kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake. Baada ya kutapika subiri dakika 10, kisha kunywa vijiko kidogo kidogo badala ya kugugumia. Usile kwa kujilazimisha. Dawa ya kufunga kuhara usiinywe kama una homa au kinyesi kina damu. Usipande ndege ukiwa unaficha hali yako. Viwanja vikubwa vina zahanati, na mhudumu wa dawatini anaweza kukuelekeza. Nenda huko bila kungoja ukishindwa kubakiza hata maji tumboni, ukiona damu, ukipata homa kali, ukipitisha saa 8 bila mkojo, ukizimia ukisimama, au ukiona vitu viwili viwili na ulimi kuwa mzito. Hiyo ya mwisho ni nadra, lakini ni dharura. Uso ukivimba au pumzi ikibana baada ya kula, ita msaada papo hapo.

Mwisho, hukuniambia kama una kisukari, ujauzito haukuhusu, lakini huenda unaongozana na mzee. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asiufuate mpango huu kama ulivyo, kwa sababu saa za kula na saa za dawa lazima ziendane. Amwone daktari wake angalau wiki mbili kabla ya safari akiwa na ratiba ya ndege mkononi, iwe kliniki anayohudhuria au hospitali ya Bombo, wampangie dozi kwa saa. Wewe pia, kama tangu usiku ule tumbo limekuwa likisumbua kila wiki, huenda hilo halitokani na pilau wala sandwichi ya zamani; nenda ukapimwe kabla hujasafiri.